Uzi: Mkakati wa dhahabu kwa wastani wa siku 20 unatoa faida kubwa mno kwenye data za nyuma, naomba tuukague

Mtoto_wa_Kigamboni

Habari zenu wakuu. Nina kanuni moja nyepesi ya dhahabu, XAUUSD, chati ya siku. Bei ya kufunga ikiwa juu ya wastani wa siku 20, nashikilia. Ikiwa chini, nakaa pembeni. Hakuna kuuza kwanza, hakuna mkopo wa broka.

Nimeipima kwa Python kuanzia Januari 2019 hadi Desemba 2024. Mstari wa mtaji unapanda kama umechorwa kwa rula, na Sharpe, yaani faida ukiilinganisha na mtikisiko wake, inakaribia 4. Sijawahi kusikia mtu mwenye 4 kwa kanuni ya mistari mitatu, ndiyo maana sijaweka hata senti. Msimbo wenyewe huu:

```python
r = bei.pct_change()
ishara = (bei > bei.rolling(20).mean()).astype(int)
matokeo = ishara * r
```

Kosa liko wapi? Au ni dhahabu yenyewe ilikuwa na miaka mizuri?

Msaka_Tonge

Mkuu hongera sana. Hiyo roboti unaiuza bei gani? Inafanya kazi kwenye akaunti ya dola 50? Nicheki PM.

Pipsi_Elfu

Mkuu, data zako ni za miaka sita tu. Gawanya asilimia 70 kwa 30. Tengeneza mkakati kwenye 70, upime kwenye 30. Ukifaulu kwenye ile 30, ingia sokoni, mambo yameisha. Sisi wengine ndivyo tunavyofanya.

Bahari_Kuu

Pipsi_Elfu, kugawanya data ni jambo jema na tutalifikia, ila hapa halitasaidia kitu. Ukiugawanya msimbo huu, ile 30 nayo itatoa karibu 4, kwa sababu kosa limo ndani ya msimbo na litakwenda na data yoyote utakayoilisha.

Kigamboni, angalia mstari wa tatu. `r` ya Jumanne ni mabadiliko kutoka kufunga Jumatatu hadi kufunga Jumanne. `ishara` ya Jumanne imetokana na bei ya kufunga Jumanne. Ukizizidisha, unasema hivi: Jumanne usiku nimeona bei imefunga juu ya wastani, basi nipe faida ya Jumanne nzima. Siku imeshapita. Siku ambazo dhahabu imeruka sana ndizo hizo hizo inazofunga juu ya wastani, na siku ilizoporomoka ndizo inazofunga chini, kwa hiyo unapewa siku nzuri na unaepushwa na mbaya baada ya kuziona.

Usinikubalie kwa maneno. Pima kwenye bei ambazo hazina chochote cha kutabirika, namba za bahati nasibu tupu:

```python
import numpy as np, pandas as pd
rng = np.random.default_rng(7)
r = pd.Series(rng.normal(0, 0.01, 2520))
bei = 100 * (1 + r).cumprod()
ishara = (bei > bei.rolling(20).mean()).astype(int)
sharpe = lambda x: x.mean() / x.std() * np.sqrt(252)
print(sharpe(ishara * r))
print(sharpe(ishara.shift(1) * r))
```

Hiyo ni miaka 10 ya soko la kubuni lisilo na faida kwa yeyote. Namba ya kwanza itakuja maeneo ya 3.5. Ya pili, yenye `shift(1)` inayosogeza ishara ya leo itumike kesho, itazunguka sifuri, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Badilisha hiyo 7 uweke namba yoyote na utaona picha ni ile ile. Kwa hiyo katika ile 4 yako, sehemu kubwa ungeipata hata kwa kurusha sarafu.

Mtoto_wa_Kigamboni

Dada Bahari, nimeuendesha na ni kweli kabisa. Nimebadilisha hiyo namba mara kadhaa, ya kwanza haishuki chini ya 2.5. Nimeweka `shift(1)` kwenye dhahabu halisi na ule mstari wa rula umekwisha. Sasa kanuni yangu inapata kidogo kuliko mtu aliyenunua dhahabu mwanzoni mwa 2019 akalala.

Pipsi_Elfu

Hapo mnaogopesha watu bure. Mimi natumia mkato wa wastani, wa 20 ukivuka wa 50. Nimeweka hiyo shift sasa hivi na matokeo hayajabadilika kabisa. Maana yake tatizo hili ni la nadharia tu, sokoni halina uzito.

Bahari_Kuu

Umeona sahihi kwamba kwako halibadilishi kitu, ila sababu si hiyo. Kwenye mkato wa 20 na 50, mabadiliko ya leo yana uzito wa 1/20 kasoro 1/50, yaani 0.03 tu, katika tofauti ya ile mistari miwili. Leo haina nguvu ya kugeuza ishara, kwa hiyo hata ukiichungulia hupati kitu kikubwa. Kwenye kanuni ya Kigamboni, bei ya leo dhidi ya wastani wa siku 20, mabadiliko ya leo yana uzito wa 0.95. Leo ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo kadiri kanuni inavyoitikia haraka, ndivyo kuchungulia kunavyolipa kwa uongo. Anayeshikilia zile siku tu ambazo bei imevunja kilele cha siku 20 ataumia zaidi ya huyu. Anayetumia wastani wa siku 200 dhidi ya wa 50 anaweza asijue kabisa kwamba msimbo wake una kosa, hadi siku atakapoubadilisha kuwa wa haraka na kudhani amegundua mgodi.

Fundi_Chati

Naomba niingie hapa maana ninayo inayofanana. Mimi nafanya biashara chati ya saa moja, lakini nachuja kwa mwelekeo wa siku. Naingia tu kama siku iko juu ya wastani wake. Shift ya chati ya saa ninayo, nimehakikisha. Hata hivyo matokeo yangu ni matamu kupita kiasi, hasa biashara za asubuhi.

```python
d = h1['close'].resample('1D').last().dropna()
mwelekeo = (d > d.rolling(20).mean()).astype(int)
h1['mwelekeo'] = mwelekeo.reindex(h1.index, method='ffill')
```

Bi_Hesabu

Fundi, hizo biashara za asubuhi ndizo zinazokutolea siri. `resample('1D').last()` inachukua bei ya mwisho wa siku, kisha inaibandika lebo ya saa 00:00 ya siku hiyo hiyo. Ukiisambaza kwa `ffill`, mshumaa wa saa tatu asubuhi ya Jumanne unakuwa tayari unajua Jumanne itafungaje usiku. Shift yako ya saa moja inakurudisha nyuma saa moja, wakati kosa ni la siku nzima.

Weka `mwelekeo.shift(1)` kabla ya kusambaza, ili Jumanne nzima itumie kilichojulikana Jumatatu usiku.

Kuna kipimo kimoja ninakipenda kwa makosa ya aina hii. Chukua data zako, uzikate katikati ya siku yoyote, tuseme Jumanne saa nne asubuhi, ufute kila kitu kinachofuata. Kokotoa ishara upya. Kisha linganisha ishara za Jumanne saa tatu na saa nne na zile ulizopata ulipokuwa na data nzima. Rudia kwa siku nyingi. Ikiwa ishara ya zamani inabadilika kwa sababu umefuta yaliyofuata, msimbo ulikuwa unasoma yaliyofuata. Kipimo hiki kinakamata `resample`, kinakamata `center=True`, na kinakamata mtu aliyesawazisha bei kwa wastani wa data yote kabla ya kuanza.

Bahari_Kuu

Naongezea kwa Bi_Hesabu: kipimo hicho hakimkamati Kigamboni. Ishara yake ya Jumanne haibadiliki ukifuta Jumatano, maana iko sahihi kwa Jumanne usiku. Kosa lake lilikuwa kwenye kuzidisha. Kwa hiyo vipimo ni viwili, cha kukata data na cha bei za bahati nasibu, na mkakati upite vyote.

Fundi_Chati

Nimekata kama mlivyosema. Ishara zinabadilika siku kibao, hasa zile ambazo bei ilikuwa karibu na wastani. Nashukuru sana Bi_Hesabu. Ngoja niandike upya chote.

Mbogi_Nai

Sasa nyinyi ni wa forex na dhahabu, mimi ni wa hisa za NSE hapa Nairobi. Nilichukua kampuni zote zilizoko sokoni leo, nikarudi nyuma hadi 2012, nikapima kanuni ya kununua zilizoanguka sana mwaka uliopita nikingoja zirudi. Shift niko nayo. Inaleta pesa poa sana. Kuna shida?

Bi_Hesabu

Ndugu Mbogi, hiyo orodha uliitoa wapi? Ukianza na kampuni zilizopo leo, umeshachuja zilizokufa. Mumias Sugar iko kwenye data zako? Iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 na hisa zake zikasimamishwa. Mwaka 2014 au 2015, kanuni yako ya kununua zilizoanguka ingeinunua bila kusita. Na Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 ikarudi Januari 2025. Ulikuwa unauza kwa bei gani katikati hapo?

Kwa mkakati wa kununua zilizopanda, kosa hili linauma kiasi. Kwa mkakati wa kununua zilizoanguka, ndilo linaloweza kuleta sehemu kubwa ya faida, kwa sababu kila iliyoanguka kwenye orodha yako ni iliyonusurika.

Mbogi_Nai

Mumias haiko. Na hapo kwa KQ data yangu inaweka bei ile ile ya mwisho miaka minne. Orodha ya zamani naitoa wapi sasa?

Bi_Hesabu

Ripoti za zamani za soko na taarifa za madalali za kila mwaka, uzikusanye kwa mkono, mwaka baada ya mwaka. Kazi ni kubwa, ila kampuni za NSE ni chache, hazifiki 70, kwa hiyo inawezekana. Hisa iliyosimamishwa, mimi huihesabu kuwa sifuri hadi iuzike tena. Wengine wataona nimezidisha.

Mtoto_wa_Kigamboni

Wakuu nimerudi. Baada ya kurekebisha, nilitafuta kama kuna urefu wa wastani ulio bora kuliko 20. Nimepitisha kila urefu kuanzia 5 hadi 100, kila SL, yaani kikomo cha hasara, kutoka asilimia 0.2 hadi 2 kwa hatua za 0.2, na nikajaribu kuruka siku moja ya wiki. Nimepata hii: wastani wa siku 37, SL asilimia 1.8, hakuna kuingia Alhamisi. Sharpe 1.6, na safari hii shift ipo, nimeikagua mara mbili. Bei za bahati nasibu zinatoa sifuri kama inavyotakiwa. Hii sasa si halali?

Pipsi_Elfu

Hapo sawa kabisa mkuu. 1.6 ni namba ya kweli, si ya kutisha. Alhamisi hata mimi sifanyi, soko linakuwa na vurugu.

Bahari_Kuu

Kigamboni, umehesabu umejaribu mangapi? Urefu 96, SL 10, chaguo za siku 6 ukihesabu kutoruka yoyote. Ni 5,760. Umeleta moja hapa, na 5,759 zimebaki kwenye kompyuta.

Twende taratibu. Kwanza, toa unachopewa bure. Dhahabu ilikuwa karibu dola 1,280 mwisho wa 2018 na karibu 2,620 mwisho wa 2024, imezidi mara mbili. Kununua na kukaa peke yake kunakupa Sharpe ya 0.8 na ushee. Kanuni yako inanunua tu, haiuzi. Mtu anayeshikilia nusu ya siku, akizichagua kwa kufumba macho, angetegemea kupata karibu 0.6 kwa miaka hiyo.

Pili, bahati. Kwa miaka sita, kosa la makadirio ya Sharpe ni takriban 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani 0.41. Kanuni 100 zisizo na thamani yoyote, na zisizofanana, ile ya kwanza kati yao kwa wastani itakuwa juu kwa mara 2.5 ya hiyo, yaani 1.0. Kanuni zako 5,760 zinafanana sana, 37 na 38 ni karibu ndugu mapacha, kwa hiyo si 5,760 huru. Nikizihesabu kama 100, 0.6 ukijumlisha 1.0 unapata 1.6 yako kamili, na hatujahitaji ujuzi wowote ndani yake.

Bi_Hesabu

Hapo kwenye 100 nina neno. Urefu wote huo kwenye chati moja, yote ikinunua tu, mimi ningeziona kama 20 huru, pengine pungufu. Ukiweka 20, nyongeza ya bahati inashuka hadi 0.76, na jumla ni kama 1.36. Bado 1.6 haishangazi, lakini si haki kusema imeisha yote.

Bahari_Kuu

Nakubali hatuijui hiyo namba. Ndiyo maana ni afadhali tuache kubishana juu yake, data zijibu zenyewe. Kigamboni, fanya hivi: chukua mabadiliko ya kila siku ya dhahabu, yale yale ya 2019 hadi 2024, uyachanganye mpangilio. Usisahau kwamba kilele na bonde la kila siku viende pamoja na siku yake, maana unatumia SL. Dhahabu hiyo iliyochanganywa itafika bei ile ile ya mwisho, ina mtikisiko ule ule, ila mielekeo yote imevunjika. Kisha endesha utafutaji wako wote, 5,760, juu yake, uandike ile bora tu. Rudia mara 500. Utapata orodha ya 500 bora za bahati. Tazama 1.6 yako inakaa wapi kwenye orodha hiyo.

Kosa la wengi ni kupima ile kanuni moja ya 37 kwenye data iliyochanganywa. Haitoshi. Lazima urudie kutafuta kwenyewe, kwa sababu kutafuta ndiko kulikokupa hiyo 37.

Msaka_Tonge

Kwa hiyo roboti bado inauzwa au mmeivunja?

Mtoto_wa_Kigamboni

Msaka_Tonge, haiuzwi kaka, tunaikagua kwanza.

Dada Bahari, kompyuta imekesha. Kati ya 500, zaidi ya robo zimefikia 1.6 au kuipita. Na nimeangalia majirani: 34 na 40 zinaanguka hadi chini ya kununua na kukaa. Nilipoirudisha Alhamisi, nusu ya nyongeza imeondoka.

Bahari_Kuu

Basi umeshapata jibu la hiyo 37. Tofauti ya siku tatu kwenye wastani haina sababu yoyote ya kiuchumi ya kuishusha 1.6 hadi chini ya kununua na kukaa. Jambo la kweli huwa na uwanda: 30 inafanya kazi, 35 inafanya kazi, 45 inafanya kazi, namba zikipungua taratibu. Yako ni sindano iliyosimama.

Alhamisi nayo, jiulize ungeichagua kabla ya kuona data? Kama ungesema Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwa sababu ya takwimu za ajira za Marekani, ningekusikiliza kwa sababu ipo. Alhamisi imechaguliwa na kompyuta.

Pipsi_Elfu

Alhamisi kuna mikutano ya benki kuu ya Ulaya. Sababu ipo.

Bahari_Kuu

Hiyo ni hoja, lakini mikutano hiyo ni nane kwa mwaka. Chuja tarehe hizo nane tu uone kama nyongeza inabaki. Kama Alhamisi nyingine 44 ndizo zilizokuwa zinaleta tofauti, basi mkutano hauhusiki.

Pipsi_Elfu

Sawa, nitajaribu. Ila narudi kwenye neno langu la mwanzo, angegawanya 70 kwa 30 asingefika huku.

Bi_Hesabu

Angefika tu, kwa njia ndefu. Unatafuta kwenye 70, unapima kwenye 30, inafeli. Unarudi, unabadilisha SL, unapima tena kwenye 30. Ukifanya hivyo mara kumi, ile 30 imekuwa sehemu ya kutafutia, kwa sababu wewe ndiye unayebeba habari kutoka 30 kwenda 70. Kipande hicho kina thamani mara ya kwanza tu unapokifungua.

Kigamboni, data za kabla ya 2019 umeshaziangalia?

Mtoto_wa_Kigamboni

Sijazigusa. Nilianza 2019 kwa sababu broka wangu ndipo data zake zinapoanzia.

Bi_Hesabu

Basi una hazina. Dhahabu ilipita dola 1,900 Septemba 2011, ikashuka hadi karibu 1,050 Desemba 2015, yaani asilimia 45 hivi. Kanuni ya kushikilia juu ya wastani na kukaa pembeni chini yake, kazi yake hasa ni kukutoa kwenye kipindi kama hicho. Kabla ya kufungua, andika hapa hapa kwenye uzi: kanuni ipi, urefu upi, gharama zipi, na matokeo gani yatakufanya uiache. Kisha fungua mara moja.

Mtoto_wa_Kigamboni

Naandika. Wastani wa siku 20 kama nilivyoanza, bila SL, bila kuruka siku. Ishara ya kufunga, naingia bei ya kufungua kesho yake. Spredi naweka senti 30 kwa wakia, na swapu ya kila usiku kama ilivyo kwa broka wangu. Kuanzia Septemba 2011 hadi Desemba 2015. Nikipoteza zaidi ya nusu ya alichopoteza aliyenunua na kukaa, naiacha.

Bahari_Kuu

Nimefurahi umeweka bei ya kufungua kesho yake, maana `shift(1)` peke yake ilikuwa inadhani unanunua kwa bei ile ile ya kufunga uliyoisubiri kuiona. Ila swapu ya leo si ya 2011. Riba za dola wakati ule zilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo utaionea kanuni. Endesha na swapu na bila swapu.

Na ningependa usiweke 20 peke yake. Chukua 20, 50, 100 na 200, kila moja robo ya mtaji. Hapo huchagui, kwa hiyo hakuna cha kukariri.

Bi_Hesabu

Hapo tunatofautiana, Bahari. Kuzichagua hizo nne nako ni kuchagua, kila mtu anazijua kwa sababu zimewahi kufanya kazi huko nyuma. Mimi ningemwacha na 20 yake aliyoiandika kabla ya kutafuta.

Mtoto_wa_Kigamboni

Nitaendesha 20 kama nilivyoandika, hiyo ndiyo ya kuamulia. Zile nne nitaziweka pembeni kwa kulinganisha tu. Data za 2011 nimepata za kila siku zenye kufungua na kufunga, ila zinafunga saa tofauti na za broka wangu, na Jumapili zina mshumaa mdogo wa saa chache. Nizifute hizo Jumapili au niziunganishe na Jumatatu?

Bi_Hesabu

Ziunganishe na Jumatatu. Kufungua kwa Jumapili kunakuwa kufungua kwa Jumatatu, kilele na bonde uchukue la juu na la chini kati ya siku hizo mbili, kufunga ni kwa Jumatatu. Ukiziacha, wastani wako wa siku 20 unakuwa na siku sita kwa wiki, na si kanuni ile ile uliyoiandika.